Jina Moja la Prosesa, Kasi Mbili: Kwa Nini Kompyuta Mpakato Zinazofanana kwa Jina Hutofautiana kwa Kazi

Dar es Salaam – Wananchi wengi wanaonunua kompyuta mpakato katika maduka ya Kariakoo na katikati ya Jiji la Dar es Salaam huanza kwa kuuliza jina la prosesa. Kompyuta mbili zikiwa na jina moja, mnunuzi huona kuwa hakuna haja ya kulipia iliyo nene na nzito, akachagua nyembamba. Hata hivyo, jina la prosesa halielezi ni kiasi gani cha umeme ambacho kompyuta husika inairuhusu prosesa hiyo kutumia kwa muda mrefu, na hapo ndipo tofauti ya kasi inapoanzia.

Mfano mzuri ni prosesa ya Intel iitwayo Core i7-1165G7, iliyotangazwa mwaka 2020 na ambayo imetumika katika kompyuta za aina nyingi. Kwa mujibu wa takwimu za kampuni hiyo, mtengenezaji wa kompyuta anaruhusiwa kuipangia matumizi ya umeme kuanzia wati 12 hadi wati 28. Ikipangiwa wati 12, kasi yake ya msingi ni gigahezi 1.2, ikipangiwa wati 28, kasi hiyo ni gigahezi 2.8. Pamoja na tofauti hiyo, mfumo wa Windows huionesha kwa maandishi yale yale katika kompyuta zote:

```
11th Gen Intel(R) Core(TM) i7-1165G7 @ 2.80GHz
```

Kwa hiyo muuzaji anayemwonesha mteja maandishi hayo anasema kweli, lakini maandishi yenyewe hayatoshi kueleza mteja atapata nini.

Ndani ya kompyuta mna vikomo viwili vya umeme. Kikomo cha kwanza, kinachoandikwa PL2, ni cha muda mfupi: prosesa inapopewa kazi ghafla huruhusiwa kutumia umeme mwingi, mathalani wati 40, ili kazi ndogo imalizike haraka. Kikomo cha pili, kinachoandikwa PL1, ni cha muda mrefu. Baada ya muda uliopangwa, ambao mara nyingi ni takriban sekunde 28, prosesa hushushwa hadi kikomo hicho na kubaki hapo hadi kazi iishe. Ndiyo maana kompyuta mbili zinapojaribiwa dukani kwa kufungua programu au kurasa chache za mtandao huonekana sawa, kwa kuwa jaribio hilo huisha kabla ya kikomo cha muda mrefu kuanza kufanya kazi.

Mtengenezaji hapangi kikomo hicho kwa kubahatisha. Karibu umeme wote unaoingia katika prosesa hugeuka kuwa joto, na joto hilo lazima litolewe nje. Kompyuta nene huwa na nafasi ya mabomba mapana ya shaba, feni kubwa na matundu mengi ya hewa. Nyembamba huwa na bomba moja na feni ndogo, na nyingine hazina feni kabisa. Mtengenezaji wa kompyuta nyembamba hupunguza wati ili mtumiaji asiungue mapajani na feni isipige kelele.

Tuchukue mfano wa mtaalamu wa video za harusi anayechagua kati ya kompyuta mbili zenye prosesa hiyo. Nyembamba imepangiwa wati 15 za muda mrefu, na nene imepangiwa wati 28. Tuseme kwamba katika kazi nzito, ya kwanza inatulia kwenye gigahezi 2 na ya pili kwenye gigahezi 3. Video inayochukua dakika 40 kutayarishwa katika kompyuta nene itachukua takriban saa nzima katika ile nyembamba, iwapo kazi hiyo inategemea prosesa pekee. Inafaa kuzingatia kuwa wati zimekaribia mara mbili ilhali kasi imeongezeka kwa nusu tu, kwa sababu kila ongezeko la kasi hudai umeme mwingi zaidi kuliko lililotangulia. Kwa karani anayeandika barua na kujaza majedwali, tofauti hiyo haitaonekana.

Hali ya hewa ya Dar es Salaam nayo ina nafasi yake. Prosesa hiyo hujipunguzia kasi inapofikia nyuzi joto 100 ili isiharibike. Tuseme mfumo wa kupoza wa kompyuta fulani hufanya prosesa iizidi hewa ya nje kwa nyuzi 3 kwa kila wati moja. Katika ofisi yenye kiyoyozi cha nyuzi 22 kuna nafasi ya nyuzi 78, sawa na wati 26. Katika duka lisilo na kiyoyozi, lenye nyuzi 34, nafasi hiyo ni nyuzi 66, sawa na wati 22. Kompyuta ile ile, bila kuharibika, imepoteza wati 4 kwa sababu ya hewa inayoizunguka.

Kutokana na hayo, kompyuta inaweza kupungua kasi kwa sababu mbili tofauti, na mnunuzi wa kompyuta iliyotumika anapaswa kuzitofautisha kabla ya kutoa fedha. Jaribio lake ni rahisi. Kompyuta iunganishwe na chaja yake, kwa kuwa nyingi hupunguza umeme zikitumia betri au chaja dhaifu. Kisha ifunguliwe programu ya bure ya 7-Zip, sehemu ya `Tools`, halafu `Benchmark`, na iachwe ifanye kazi, ikianzishwa tena kila inapoisha, hadi dakika 10 zitimie. Wakati huo mnunuzi abonyeze `Ctrl+Shift+Esc` na kutazama namba ya `Speed` katika ukurasa wa `Performance`, huku programu ya HWiNFO ikionesha joto na wati.

Iwapo kasi inashuka mara moja ndani ya dakika ya kwanza, kisha inatulia huku joto likiwa chini sana ya 100, hicho ni kikomo alichoweka mtengenezaji. Kusafisha feni hakutakiondoa, na mara nyingi mtumiaji hana njia ya kukibadilisha. Iwapo kasi inashuka na kupanda bila kutulia huku joto likigota karibu na 100, tatizo ni upozaji: vumbi limeziba matundu, feni imechoka, au ute unaopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye shaba umekauka. Hilo fundi anaweza kulirekebisha kwa kusafisha na kupaka ute mpya, na ni sababu halali ya kuomba bei ipungue.

Mnunuzi anashauriwa kulinganisha kasi iliyooneshwa katika dakika ya 10, si ya dakika ya kwanza, na kufanya jaribio hilo kwa kompyuta zote mbili mahali pamoja. Aidha, adai risiti ya EFD yenye jina kamili la modeli ya kompyuta, si maneno "Core i7" pekee, kwa kuwa modeli ndiyo inayobainisha bodi, mfumo wa kupoza na wati alizolipia.