Je, Wajua? Kosa la Mstari wa Tano Hufikiwa Bila Kufumua Sweta

Mfumaji wa sweta la mkono akiona kosa mistari kadhaa chini, aghalabu hufanya moja kati ya mawili: huchomoa sindano na kufumua kazi ya jioni nzima, au hujifanya hajaliona. Yote mawili yananikera. Kitambaa kilichofumwa huonyesha waziwazi kila kitanzi kilivyotengenezwa, na anayejua kukisoma anaweza kulifuata kosa hadi lilipo na kulitoa bila kuwagusa jirani zake.

Siri ni kwamba hakuna aina mbili za vitanzi. Kipo kimoja tu, chenye pande mbili. Uzi ukivutwa kupitia kitanzi cha chini kutoka nyuma kuja mbele, miguu yake miwili hukaa upande wetu ikiwa na umbo la herufi V, na kichwa cha kile kitanzi cha chini husukumwa nyuma. Ukivutwa kutoka mbele kwenda nyuma, kichwa hicho hubaki upande wetu, kimelala, nasi tunaona nundu. Hicho cha V nitakiita kitanzi laini, na kile kingine kitanzi cha nundu. Geuza kitambaa: kila V imekuwa nundu, na kila nundu imekuwa V.

Mashine nazo zilikwama hapohapo. Mwaka 1589, Mwingereza William Lee alibuni mashine ya kufuma soksi, lakini ilitoa vitanzi laini tu, vyote vikitazama upande mmoja. Soksi isiyo na vitanzi vya nundu haishiki vizuri kwenye goti wala kwenye kifundo cha mguu. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1750, Jedediah Strutt wa Derbyshire alipoongeza seti ya pili ya sindano iliyoweza kukigeuza kitanzi kikatazama upande wa pili. Hata leo, mwenye mashine ndogo ya nyumbani isiyo na seti hiyo ya pili hukiangusha kitanzi na kukijenga upya kwa mkono kutoka upande wa pili, kwa kisindano chenye ndoana. Mfumaji wa mkono hurekebisha kosa lake kwa njia hiyohiyo.

Tuchukue pindo la chini la sweta la mtoto, lile linalovutika, lenye vitanzi 82. Limefumwa laini mbili, nundu mbili, laini mbili, hadi mwisho, ambako linamalizia kwa laini mbili jinsi lilivyoanza. Mstari wa kurudi huanza kwa nundu mbili, maana kazi imegeuzwa na kilichokuwa laini mbele sasa ni nundu. Pindo likiachwa lijikunje, safu za V husogea mbele na kuzificha safu za nundu katikati yake, na kosa hujificha humo. Kwa hiyo kwanza livute kwa mikono miwili, kwa upana, hadi safu za nundu zifunguke. Kila safu ya V iteremke bila kukatika kutoka kwenye sindano hadi mstari wa kwanza kabisa. Ghafla unaona safu moja ambayo V zake zimekatizwa na nundu moja, peke yake.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi hupotea. Kitanzi kilichopo kwenye sindano ndicho mstari namba moja, na V iliyo chini yake ndiyo namba mbili. Nundu nayo hukaa kwenye nyayo za kitanzi chake, si kichwani, kwa sababu kimwili ni kichwa cha jirani wa chini kilichobanwa mbele. Ukiona nundu, mwenye kosa ni kitanzi kinachochomoza juu yake. Tuseme kitanzi hicho ni cha tano. Upande wa mbele unatutazama, kwa hiyo mstari wa kwanza kuhesabiwa ulifumwa wakati wa kurudi, wa pili wakati wa kwenda, na wa tano tena wakati wa kurudi. Basi tumejua hata kilichotokea: wakati wa kurudi, mahali palipotakiwa nundu, mkono ulifuma laini. Ukidhani nundu ni ya kitanzi kilicho chini yake, utashuka hadi wa sita na kuulaumu mstari usio na hatia.

Dawa ni kukishusha kitanzi kimoja. Fuma hadi ufike juu ya safu yenye kosa, kiteremshe kitanzi chake kutoka kwenye sindano, kisha vuta taratibu. Kitafumuka kuelekea chini tu. Hakiendi kando, kwa kuwa jirani zake wameshikwa na vitanzi vyao wenyewe. Vitanzi vitano vikishaachia, nundu imetoweka, na zimebaki nyuzi tano zilizolala moja juu ya nyingine kama vidato vya ngazi. Ingiza ndoana ya krosheti kwenye kitanzi kizima cha chini kutoka mbele, uzi wa kwanza ukiwa nyuma yake, uushike na uuvute mbele. Hiyo ni V ya kwanza. Endelea hadi uzi wa tano, kisha rudisha kitanzi kwenye sindano, mguu wake wa kulia ukiwa mbele. Ukikirudisha kimepinda, mstari ujao utaonyesha V iliyokunja miguu chini. Ukiruka uzi mmoja, utauona ukining'inia nyuma. Safu ikiwa ya nundu, geuza tu kitambaa uijenge upande wa pili kwa V hizohizo.

Njia hii ina mipaka. Ikiwa kuanzia mahali fulani hadi mwisho wa mstari kila safu imehama kwa kitanzi kimoja, hilo si kosa la safu moja. Hesabu vitanzi: vikiwa 83, uzi ulizungushwa kwenye sindano bila kukusudia, na kwa kawaida kuna tundu dogo palipoanzia. Hapo ndoana haitoshi, fumua hadi mstari huo. Uzi wa sufu uliofumuliwa huacha mikunjo, lakini ukioshwa na kukaushwa ukiwa umenyooshwa hutulia. Wa akriliki huwa mkaidi zaidi, na pasi yenye moto huulegeza na kuulaza moja kwa moja.

Ni ajabu kwamba ujuzi wa ndoana hii, wa kujifunza kwa mchana mmoja, haupo katika nyumba nyingi zinazotupa sweta la shule kwa sababu ya kitanzi kimoja kilichoteremka kifuani. Uzi wenyewe haujakatika, umeachia tu, na bado upo wote pale kwenye vidato. Badala ya ndoana huja sindano ya kushonea na uzi wa rangi nyingine, na kifundo kinachovuta kitambaa pande zote hadi kingo zianze kuachia. Mitumba nayo hufika na sweta za sufu safi zenye dosari hiyohiyo, zikauzwa kwa bei ya matambara.

Kusoma vitanzi kuna faida nyingine: kujua mstari gani ulikuwa unafuatia baada ya kazi kuwekwa kando wiki mbili, kuhesabu mistari bila kalamu (kitambaa kilichofumwa laini pande zote, kila tuta ni mistari miwili), kunakili mkono wa sweta la zamani lisilo na maelezo, na kujua kabla ya kulipa kama kofia ya sokoni ina vitanzi vilivyorukwa: iguse kwa ndani, nyuzi zinazoning'inia hunasa kwenye kidole.