Goti likiuma, jaribu ukuta

Wazazi wenzetu, wengi wetu tunabeba maji na kuni kila siku. Goti likianza kuuma tunaliogopa, tunaacha kulikunja. Basi msuli wa mbele ya paja unalegea, na goti linazidi kukosa msaada. Kuna njia ya kuufanyisha kazi msuli huo bila goti kwenda na kurudi: kukaa ukutani.

Tafuta ukuta imara wa matofali, au mti mkubwa, turubai haifai. Egemeza mgongo, weka miguu mbele hatua moja, mahali pasipoteleza, halafu shuka kidogo tu. Kadiri unavyoshuka ndivyo pia ya goti inavyobanwa. Tulia hapo sekunde 20 ukihesabu kwa sauti, maana kubana pumzi kunapandisha presha. Pumzika dakika moja, rudia mara 5.

Jirani yetu mmoja alishuka siku ya kwanza mpaka usawa wa kiti, na usiku goti likamkosesha usingizi. Alipumzika siku mbili, akaanza tena kwa kushuka kiasi cha kiganja. Wiki ya tatu alifika sekunde 40, ndipo akaongeza kushuka.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi si neno. Kipimo ni kesho yake asubuhi: goti likiwa limevimba au linauma kuliko jana, ulizidisha. Lakini goti lenye joto pamoja na homa, au lililokwama lisinyooke, hilo lipelekwe zahanati siku hiyo hiyo.