Maji na spiriti: kimoja kikipanda, kingine hushuka

Pima mililita 50 za maji na mililita 50 za ethanoli safi, uzichanganye. Hupati 100, unapata kama 97. Hakuna kilichomwagika. Molekuli za aina mbili zimejibana vizuri zaidi kuliko kila aina ikiwa peke yake.

Ndiyo maana wanakemia huuliza: nikiongeza moli moja ya maji kwenye pipa kubwa la mchanganyiko huu, ujazo utaongezeka kiasi gani? Maji yakiwa peke yake, moli moja ina sentimita za ujazo 18 hivi. Ndani ya ethanoli nyingi, huongeza 14 tu. Ethanoli nayo ina ujazo wake wa namna hiyo, nao hubadilika kadiri mchanganyiko unavyobadilika.

Lakini mabadiliko hayo mawili yamefungwa pamoja kwa mlinganyo wa Gibbs na Duhem, joto na shinikizo visipobadilika:

n₁ dV₁ + n₂ dV₂ = 0

Chukua moli 3 za maji kwa moli 1 ya ethanoli. Tuseme ukiongeza ethanoli kidogo, ujazo wake kwa moli unapanda kwa 0.03. Basi 3 × dV₁ + 1 × 0.03 = 0, na ule wa maji unashuka kwa 0.01. Hesabu hii ni ya hatua ndogo tu, kwa sababu uwiano wenyewe husogea.

Vipimo vyako vikionyesha vyote viwili vinapanda pamoja, rudi maabara ukapime upya.