"Affect" au "effect": herufi moja inayowasumbua waandishi

Mtu anaweza kuandika barua nzima ya Kiingereza bila kusita, kisha akafika kwenye neno moja akakwama: ni "affect" au "effect"? Maana anaijua fika. Anajua anachotaka kusema kuhusu mvua, kodi au bei ya mafuta. Kinachomtatiza ni ile herufi ya kwanza tu.

Sikio halimsaidii. Katika Kiingereza mkazo wa maneno haya yote mawili huangukia silabi ya pili, na irabu isiyobeba mkazo hufifia. Kwa hiyo Mwingereza akizungumza haraka, "affect" na "effect" hukaribiana hata usiweze kuyatenganisha. Sisi tumezoea lugha ambayo kila irabu husikika wazi popote ilipo, na tukisikiliza Kiingereza tunaitafuta irabu ambayo msemaji hakuitamka. Kompyuta nayo mara nyingi hunyamaza. Kikagua tahajia hupiga mstari mwekundu chini ya neno lisilokuwepo kwenye kamusi, na haya yote mawili yamo.

Jibu linapatikana kwa kuangalia nafasi ya neno ndani ya sentensi. Tuchukue barua fupi ambayo kampuni ya kusafirisha mizigo ingeweza kuwaandikia wateja wake kuhusu tozo mpya, tuache mapengo matano, kisha tuyajaze moja baada ya jingine:

"The new charges come into (1) ____ on 1 July. They will (2) ____ all containers arriving after that date, but they will have no (3) ____ on goods already cleared. Customers who are adversely (4) ____ by this change may write to us. Please (5) ____ payment within 14 days."

Pengo la kwanza linafuata "come into". Baada ya "into" Kiingereza kinadai jina la kitu, yaani nomino, na nomino hapa ni "effect". Maana yake ni kwamba tozo zinaanza kutumika tarehe 1 Julai. Semi nyingine za kiofisi zina umbo hilohilo: "take effect", "in effect", na ile inayojaa kwenye barua za ajira na za kupandishwa cheo, "with effect from", ambayo makarani huifupisha kuwa "w.e.f." Zote ni "e", kwa kuwa zote zinataja kitu.

Pengo la pili linafuata "will". Hapa panatakiwa tendo: tozo zitafanya jambo fulani kwa makontena. Kwa hiyo ni "affect". Mwandishi wa Kiswahili ana kipimo chake mwenyewe hapa. Aitafsiri sentensi kichwani, aone kama neno limebeba kiambishi cha mtenda na cha wakati. "Zitaathiri makontena yote" lina "zi" na "ta", kwa hiyo ni kitenzi, na kitenzi hicho kwa Kiingereza ni "affect". Kama tafsiri ingekuwa "athari za tozo", viambishi hivyo visingekuwepo, na jibu lingekuwa "effect". Ila asiifuate herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili. "Kuathiri" lina "a" na "athari" lina "a" vilevile. Anayesema moyoni kwamba athari ni "a" ataandika "the affects of drought", na atakuwa amekosea. Atazame viambishi.

Pengo la tatu limebanwa na mashahidi wawili. Kushoto kuna "no", neno linalotangulia nomino, kama vile "the", "an", "any" na "its". Kulia kuna "on". Huyu wa kulia ndiye anayeaminika zaidi, kwa sababu "affect" likiwa kitenzi hulishika moja kwa moja jambo linaloathiriwa, bila daraja katikati: "affect the goods". Lakini "effect" huhitaji daraja hilo: "an effect on the goods". Kiswahili kinafanya vivyo hivyo tunaposema "kuathiri bidhaa" lakini "athari kwa bidhaa". Kwa hiyo ukiona umeandika "affect on", simama hapo hapo. Karibu kila mara ni kosa, na dawa yake ni mojawapo kati ya mbili: kubadilisha "a" iwe "e", au kuiondoa "on".

Pengo la nne ndilo linalowanasa hata wazoefu, kwa sababu neno la jirani hubadilika kidogo sana. "Adversely" ni kielezi, na kielezi hueleza tendo. Basi ni "affected": wateja walioathiriwa vibaya. Iondoe ile "ly" ya mwisho ubakiwe na "adverse", ambalo ni kivumishi, nalo litadai nomino: "an adverse effect". Tazama jozi hii:

"The charges adversely affected small traders."

"The charges had an adverse effect on small traders."

Habari ni ileile, lakini katika sentensi ya pili kila kitu kimesogea pamoja: "ly" imeondoka, "had an" imeingia, "on" imetokea, na "a" imegeuka "e". Mhariri anayekagua haraka hahitaji kusoma maana ya sentensi kama hiyo. Mabadiliko hayo yakiwa hayaendi sambamba, kuna mahali pameharibika.

Hadi hapa mtu angeweza kutoka na kanuni rahisi kwamba tendo ni "a" na kitu ni "e", akaishi nayo miaka mingi bila tatizo. Pengo la tano linaivunja. "Please ____ payment" linataka kitenzi, na kwa kanuni hiyo tungeandika "affect". Jibu sahihi ni "effect". Kuna kitenzi "effect" chenye maana ya kutekeleza jambo, kulifanya litokee. Katika mazungumzo ya kawaida hakisikiki sana, lakini katika Kiingereza cha benki, wanasheria na ofisi zetu ni cha kila siku: "effect payment", "effect a transfer", "effect changes".

Ukiweka "affect" mahali hapo, sentensi haivunjiki kisarufi. Inasema jambo jingine. Linganisha:

"The delay affected the payment."

"The bank effected the payment."

Ya kwanza inasema ucheleweshaji uliyagusa malipo. Huenda yalipungua, huenda yalisogezwa mbele. Ya pili inasema benki ililipa. Mteja akiandikiwa "please affect payment", kwa herufi zilivyo ameombwa ayatibue malipo, si ayafanye. Kosa linalotembea upande wa pili ni la kawaida zaidi kwenye ripoti: "The floods effected many families." Mwandishi alitaka kusema mafuriko yaliziathiri familia nyingi, lakini alichoandika ni kwamba mafuriko yalizileta familia hizo duniani. Kwa sababu hiyo "effected" ni umbo la kulitazama mara mbili. Linakuwa sahihi pale tu linapofuatana na jambo linaloweza kutekelezwa, kama malipo, uhamisho, mageuzi au makubaliano. Likifuatana na watu, mazao, barabara au afya, rudisha "a".

Kwa nini kitenzi hiki kina "e"? Maneno yote mawili yametoka Kilatini, na yote yamejengwa juu ya kitenzi "facere", yaani kufanya. Tofauti ni kiambishi cha mbele. "Affect" lilianza na "ad", chenye maana ya kuelekea, na "d" yake ikamezwa na "f" iliyofuata. Ni kufanya jambo likielekea kwa mwingine, likamgusa. "Effect" lilianza na "ex", chenye maana ya kutoka, na "x" nayo ikamezwa vivyo hivyo. Ndiyo maana maneno yote mawili yana "f" mbili. Ni kulifanya jambo hadi likatoka, likaonekana. "E" hiyo ndiyo iliyopo kwenye neno "exit" linaloandikwa juu ya milango ya kutokea.

Ukilijua hilo huhitaji tena kuligawa jambo kati ya kitenzi na nomino. Kinachotoka ni "e", iwe ni matokeo yenyewe au ni tendo la kuyatoa. Kinachokiendea kitu na kukigusa ni "a". Malipo yanayofanywa yanatoka, kwa hiyo "effect payment". Makontena yanafikiwa na tozo zilizotungwa kwingine, kwa hiyo "affect all containers".

Maneno ya ukoo yanafuata mkondo huohuo. "Effective" na "ineffective" huzungumzia kama matokeo yametoka au hayakutoka. "Unaffected" humwelezea ambaye hakuguswa. Lipo pia neno "affect" lenyewe likiwa nomino, linalotumiwa na wanasaikolojia kwa hisia za mgonjwa zinavyoonekana usoni na katika mwenendo wake. Mkazo wake huangukia silabi ya kwanza. Kama huandiki ripoti ya daktari wa akili, si lazima likushughulishe.

Andiko refu halihitaji kusomwa lote upya kwa ajili ya herufi hii. Fungua kisanduku cha kutafutia maneno kwa `Ctrl+F`, kisha uandike `ffect` bila herufi ya kwanza. Kompyuta itakuonyesha kila mahali ulipotumia mojawapo, "a" na "e" kwa pamoja, ikiwemo pale ulipokuwa na uhakika. Pita kwenye kila moja ukitazama jirani zake: kushoto kuna "the", "an" au "no"? Kuna "will", au neno lenye "ly"? Kulia kuna "on"? Mengi yataamuliwa hapo hapo. Yatakayobaki ni machache, na hasa yatakuwa vitenzi. Kwa hayo jiulize kama kitu kinaguswa au kinatolewa.

Na likibaki moja ambalo bado linakusumbua, huenda sentensi yenyewe ndiyo nzito. Barua yetu ya mizigo haikuwa na haja ya pengo la tano. "Please pay within 14 days" inaeleweka mara moja, na mteja hapati nafasi ya kujiuliza kama anatakiwa kulipa au kuyatibua malipo.