Matangi Mawili Hayafiki Agosti: Hesabu Iliyomo Katika Andiko la Maji ya Shule

Andiko la mwalimu mkuu linaloomba matangi ya maji ya mvua na sehemu za kunawia mikono kwa kawaida huanza na maelezo ya shida na kuishia na idadi ya matangi. Katikati, mahali ambapo mfadhili hutazama kwanza, huwa hamna kitu. Anayetoa fedha hataki sana kusikia kwamba watoto hawana maji, kwani hilo amelisoma katika barua nyingine zilizo mezani kwake. Anataka kujua tangi litajazwa na nini, litakauka lini, na baada ya fundi kuondoka nani atanunua sabuni.

Jibu la swali la kwanza hutegemea mahali shule ilipo. Bukoba hunyesha karibu kila mwezi, na tangi la lita 10,000 hujazwa, hutumika na kujazwa tena mara nyingi ndani ya mwaka mmoja. Dodoma ni habari nyingine. Mvua huanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, hukoma Aprili, na kwa wastani haizidi sana milimita 550 kwa mwaka. Baada ya hapo ni miezi saba ya jua. Kwa hiyo mwalimu wa Dodoma akinakili andiko lililoifaa shule ya Kagera, ataomba matangi ya ukubwa usiomfaa, na huenda akayapata.

Chukua shule ya msingi ya kutwa katika kijiji cha Dodoma, yenye wanafunzi 600. Jengo moja la madarasa matatu lina paa la bati linalofunika ardhi ya mita 28 kwa mita 9, yaani mita za mraba 252. Vipimo hivyo huchukuliwa chini, kwa kufuata kivuli cha paa, wala si juu ya mteremko wa bati, maana mvua haijali mteremko. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Katika kila lita tano, moja huhesabiwa kuwa imepotea kwa kuruka pembeni, kukauka juu ya bati lenye joto au kumwagika kwenye maungio. Zilizobaki ni asilimia 80. Milimita 550 mara 252 mara 0.8 ni karibu lita 111,000 kwa mwaka wa kawaida. Mwaka wa ukame, ikinyesha milimita 400 tu, ni lita 81,000.

Upande wa pili wa mizani ni matumizi. Mtoto anapaswa kunawa angalau mara mbili akiwa shuleni: akitoka chooni, na kabla ya uji au chakula cha mchana. Bomba likitiririsha maji membamba, nusu lita inatosha kunawa mara moja, hivyo kila mtoto anahitaji lita moja kwa siku na shule nzima lita 600. Kalenda ya shule za msingi Tanzania ina siku 194 za masomo. Mahitaji ya mwaka ni lita 116,400.

Hapo ndipo inapoonekana kwamba paa moja halitoshi hata mwaka wa kawaida, na mwaka mbaya linapungukiwa sana. Mapaa mawili ya ukubwa huo, hata kwa mvua ya milimita 400, yanatoa zaidi ya lita 161,000. Andiko lenye busara huomba mifereji ya mapaa mawili na kupiga hesabu zake kwa mwaka wa ukame. Wastani ni neno la kufariji tu, kwa sababu mtoto hanawi kwa maji ya wastani.

Lakini kosa kubwa zaidi liko kwenye tangi lenyewe. Ukubwa wake haupimwi kwa wingi wa mvua. Hupimwa kwa urefu wa kiangazi. Kati ya Mei na Novemba, ukiondoa likizo, kuna siku kama 130 za masomo, na kila siku inahitaji lita 600 ambazo hakuna mvua ya kuzirudisha. Hizo ni lita 78,000 zinazopaswa kuwa zimehifadhiwa mvua ya mwisho ya Aprili inapokatika. Maombi mengi hutaja simtanki mbili za lita 10,000, pengine kwa sababu ndizo zinazoonekana dukani na bei yake inajulikana. Lita 20,000 ni siku 33 za masomo. Zikianza kutumika mwanzo wa Mei, zitakwisha katikati ya Julai, wanafunzi wakiwa ndio kwanza wamerudi kutoka likizo. Miezi minne na nusu iliyobaki matangi yatasimama matupu, na mfadhili akizuru Septemba atakuta picha nzuri na koki kavu.

Shule ya mfano wetu inahitaji basi matangi mawili ya lita 45,000, moja kwa kila jengo. Ukubwa huo kwa kawaida hujengwa palepale kwa wavu wa chuma na saruji. Tangi la mviringo lenye kipenyo cha mita 5 na kina cha mita 2.3 huchukua lita 45,000, na urefu huo huliwezesha kukaa chini ya mfereji wa paa la kawaida la darasa bila kulichimbia ardhini. Simtanki tisa zingefanya kazi hiyohiyo, ila kila moja inataka jukwaa lake na maungio yake, na kila ungio ni mahali pa kuvuja. Tangi la saruji nalo lina masharti yake. Plasta isipomwagiliwa maji kwa wiki mbili au zaidi hupasuka, na maji hayo ya ujenzi lazima yatafutwe wakati wa kiangazi, kwa sababu tangi linapaswa kuwa tayari kabla ya Desemba. Gharama ya kuyasomba isipoandikwa kwenye makadirio, fundi atamwagilia siku tatu na kuondoka.

Mifereji, au gata kama mafundi wanavyoiita, hugharimu kidogo kuliko tangi na huharibika mapema kuliko kitu kingine chochote. Inapaswa kushuka sentimita 1 katika kila mita 2 na kushikiliwa na vyuma vilivyokaribiana, la sivyo hubonyea katikati na maji kumwagikia ukutani. Kabla ya tangi huwekwa bomba la kumwaga maji ya mwanzo, yale yanayokuja na vumbi la miezi saba na vinyesi vya ndege. Mtu anaweza kusema maji haya ni ya kunawa tu, kwa hiyo uchafu kidogo si neno. Anayesema hivyo hajakaa karibu na bomba la shule saa nne asubuhi. Watoto wenye kiu watakunywa, liwekwe tangazo lisiwekwe, na ndiyo maana andiko hutaja wavu wa kuzuia mbu kwenye midomo ya tangi na dawa ya klorini.

Idadi ya koki nayo hupatikana kwa kuhesabu, si kwa kukisia. Kusugua mikono kwa sabuni huchukua sekunde 20, na pamoja na kusogea na kusuuza ni nusu dakika. Koki moja huhudumia watoto wawili kwa dakika, au 30 katika robo saa ya kabla ya uji. Watoto 600 wanahitaji koki 20. Zikiwa sita, foleni itakuwa ndefu kuliko subira ya mtoto wa darasa la pili, naye atakwenda kupokea uji bila kunawa. Koki hizo hugawanywa karibu na vyoo na karibu na jiko, baadhi zikiwa chini kwa ajili ya wadogo na wanaotumia kiti cha magurudumu, na maji machafu huelekezwa kwenye shimo lenye mawe au kwenye mipapai.

Kisha sabuni. Kibuyu chirizi, ile dumu inayoning'inia na kuinamishwa kwa mguu, kimewafundisha watoto wengi wa vijijini kunawa kwa maji kidogo, lakini mara nyingi kipande cha sabuni kilichofungwa kando yake hutoweka kwanza. Kwa kunawa mara 1,200 kwa siku, hata mililita moja ya sabuni ya maji kila mara ni zaidi ya lita moja kwa siku na lita 230 kwa mwaka. Wafadhili wengi hawalipii matumizi ya namna hiyo. Mpango wa misaada midogo wa Ubalozi wa Japani, kwa mfano, hugharimia ujenzi na vifaa, si uendeshaji. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, mwalimu mkuu hawezi kumwahidi mfadhili mchango wa lazima kutoka kwa kila mzazi. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nayo ina wadai wengi, kuanzia chaki hadi mitihani. Njia iliyo rahisi ni kuyeyusha sabuni ya unga katika chupa za maji za lita moja na nusu zilizotobolewa vifuniko, kazi ya viranja kila asubuhi, huku andiko likitaja fungu la bajeti litakaloinunua.

Mchango wa kijiji huandikwa kwa kile kinachoweza kuhesabiwa: safari za mchanga, kokoto, siku za kuchimba msingi. Muhtasari wa kikao cha kamati ya shule huambatishwa, pamoja na profoma za maduka matatu na barua iliyopitia kwa Afisa Elimu Kata hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri. Bila saini hiyo, mfadhili makini huirudisha barua, kwa kuwa majengo ya shule ya umma si ya mwalimu mkuu wala ya kijiji peke yake.

Sehemu ya mwisho ya andiko ni ufuatiliaji, na hapa kipimo kinachofaa ni ufito wenye alama za sentimita. Katika matangi mawili ya mfano huu, kila sentimita ya kina kwa pamoja ni karibu lita 393. Wiki ya masomo hutumia lita 3,000, hivyo kina kinapaswa kushuka karibu sentimita 8 kati ya Jumatatu asubuhi na Ijumaa jioni. Kikishuka 12, aidha koki zinaachwa wazi au watoto wananawa kwa maji mengi kuliko ilivyokadiriwa, na maji yataisha Oktoba. Kipimo cha Ijumaa jioni na cha Jumatatu asubuhi vinapaswa kulingana. Visipolingana, tangi linavuja au kuna mtu anayechota usiku. Kuvitofautisha si kazi: tangi linalovuja hupungua kiasi kilekile kila siku ya likizo na huacha unyevu kwenye msingi, ilhali mchotaji huja siku alizopenda, na ardhi chini ya koki huwa na alama za ndoo.