TTP: Ugonjwa Unaotumia Chembe Sahani za Damu Hadi Ziishe

Trombotiki trombositopeniki pupura, ambayo madaktari huifupisha kuwa TTP, ni ugonjwa wa nadra wa damu. Vijibonge vidogo vya chembe sahani huganda ndani ya mishipa myembamba kabisa ya mwili, hasa ya ubongo, moyo na figo. Huwapata zaidi watu wazima, wanawake kuliko wanaume, na mara nyingi huanza ghafla kwa mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa mzima. Asipotibiwa, karibu wagonjwa tisa kati ya kumi hufa.

Chanzo chake ni protini iitwayo fakta ya von Willebrand, ambayo kuta za mishipa huimwaga kwenye damu ikiwa katika nyuzi ndefu mno. Kazi yake ni kunasa chembe sahani mahali mshipa ulipojeruhiwa, ili damu isivuje. Nyuzi hizo zikiachwa na urefu wake wote, hunasa chembe sahani hata pasipo na jeraha. Ndiyo maana mwili una kimeng'enya cha kuzikatakata, kiitwacho ADAMTS13, ambacho hutengenezwa zaidi kwenye ini. Kwa wagonjwa wengi wa TTP, kinga ya mwili hukosea na kutengeneza kingamwili dhidi ya kimeng'enya hicho, hadi kiwango chake kinashuka chini ya asilimia 10 ya kile cha kawaida. Wachache sana huzaliwa na kasoro ya jeni inayowanyima kimeng'enya hicho tangu mwanzo.

Kiini hiki kilichukua muda mrefu kujulikana. Daktari Eli Moschcowitz wa New York alieleza mwaka 1924 kuhusu msichana wa miaka 16 aliyefariki, ambaye mishipa yake midogo ilikutwa imejaa vijibonge. Kimeng'enya chenyewe kilitambuliwa mwaka 1996 na watafiti wa Uswisi na Marekani, na mwaka 2001 jeni lake likapatikana.

Nyuzi zisizokatwa hutanda ndani ya mshipa kama jarife lililotegwa mkondoni. Chembe sahani hunasa humo kwa wingi, na njia ya damu huwa nyembamba. Moyo haukomi kusukuma, kwa hiyo chembe nyekundu hulazimika kujipenyeza kwa nguvu kwenye uwazi uliobaki, nazo huchanika. Chini ya hadubini, vipande vyake huonekana vikiwa na pembe kali, vingine vya umbo la kofia ya chuma, vingine la pembetatu. Kwa sababu chembe nyekundu zinavunjika, mgonjwa hupungukiwa na damu, macho huwa ya manjano, mkojo huweza kuwa wa rangi nzito, na kimeng'enya cha LDH hupanda sana katika damu.

Chembe sahani ni chache, lakini uboho wa mifupa hauna hitilafu. Unazitengeneza kama kawaida, nazo zinaishia kwenye vijibonge. Mgonjwa basi ana mambo mawili yanayoonekana kupingana: ngozi ina vidoa vyekundu vya damu iliyovuja, na wakati huohuo damu inaganda ndani kwa ndani. Anayemtazama huona kuvuja, ilhali kinachoua mara nyingi zaidi ni kuganda.

Chukulia mfano wa mwanamke wa miaka 36 mwenye uzito wa kilo 60. Kwa siku tano amechoka, ana homa kidogo, fizi zinatoka damu na miguu ina vidoa. Asubuhi moja ulimi unakuwa mzito kwa nusu saa, kisha anazungumza vizuri tena. Katika nchi za Afrika Mashariki fikra ya kwanza itakuwa malaria, na si kosa, kwa sababu malaria kali nayo huleta homa, upungufu wa damu, chembe sahani chache na kuchanganyikiwa. Slaidi ya damu inayosomwa kutafuta vimelea hutosha pia kuonyesha chembe zilizopasuka, iwapo anayeisoma ameambiwa azitafute. Homa kali yenye kutetemeka huelekeza zaidi kwenye maambukizi kuliko kwenye TTP.

Slaidi ya mwanamke huyu haina vimelea, ila vipande vya chembe nyekundu ni vingi. Hemoglobini ni 7.2. Chembe sahani ni 12,000 kwa maikrolita, ilhali kwa kawaida hazipungui 150,000. Vipimo vya muda wa damu kuganda ni vya kawaida, jambo linaloondoa mgando ulioenea mwili mzima unaosababishwa na sumu ya bakteria. Figo zimeathirika kidogo tu. Hana saratani wala hajawahi kupandikizwa kiungo au uboho, na ukubwa wa wastani wa chembe zake nyekundu hauzidi kiwango. Madaktari hujumlisha mambo haya saba katika alama ziitwazo PLASMIC, na yeye anapata zote saba. Sita au saba humaanisha kwamba uwezekano wa TTP ni mkubwa.

Hapa ndipo wengi hupotea. Uthibitisho ni kupima ADAMTS13, lakini maabara zenye kipimo hicho ni chache na majibu huweza kuchukua siku kadhaa. Damu ya kipimo huchukuliwa kwanza, kisha matibabu huanza bila kungoja jibu. Mwongozo wa madaktari wa Uingereza unataka yaanze ndani ya saa nne hadi nane. Kila saa inayopita huongeza vijibonge, na mshipa ukiziba kwenye moyo, mgonjwa aliyekuwa akizungumza kitandani huweza kufa ghafla. Ulimi mzito wa nusu saa ulikuwa kiharusi kilichokaribia, na kijacho huenda kisipite.

Tiba kuu ni kubadilisha plazma, yaani maji ya damu. Mashine hutoa plazma ya mgonjwa pamoja na kingamwili zake, na kumrudishia ya wachangiaji yenye kimeng'enya. Kwa mwanamke wa kilo 60, awamu moja huhitaji lita mbili na nusu hadi karibu nne, yaani mifuko kumi hadi kumi na tano, kila siku, mpaka chembe sahani zirudi. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 1991, wenye wagonjwa 102, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita asilimia 78 ya waliobadilishiwa plazma walikuwa hai, dhidi ya asilimia 63 ya walioongezewa plazma tu. Penye ukosefu wa mashine, kuongezewa plazma humnunulia mgonjwa muda akiwa njiani kuelekea hospitali yenye nayo. Steroidi na dawa ya rituksimabu hutuliza kinga ya mwili, na kaplasizumabu, penye uwezo wa kuigharamia, huzuia chembe sahani zisinase kwenye nyuzi.

Kinachoepukwa, isipokuwa mgonjwa anavuja damu kiasi cha kuhatarisha maisha, ni kumwongezea chembe sahani. Hesabu ndogo humvuta daktari kufanya hivyo, ila huwa zinaweza kuongeza vijibonge.

Anayepona hubaki chini ya uangalizi, kwa kuwa ugonjwa huweza kurudi hata baada ya miaka. Ujauzito na VVU ni miongoni mwa vichocheo vyake. ADAMTS13 hupimwa mara kwa mara, na ikianza kushuka huku chembe sahani zikiwa bado za kawaida, rituksimabu hutolewa mapema, kabla dalili hazijaonekana.