Dainamiki, Kondensa au ya Kifua? Picha ya Maiki Inavyojieleza

Matangazo ya vifaa vya sauti vilivyotumika huwa na picha mbili na maneno machache: maiki kali, bei maelewano. Aina haitajwi. Mnunuzi mwenye mikisa ndogo isiyo na kitufe cha 48V analipa, anafika nyumbani, anachomeka, na spika hazitoi hata mnong'ono. Maiki ni nzima kabisa. Tatizo ni kwamba amenunua kondensa, na kondensa bila umeme ni bubu.

Dainamiki haihitaji kulishwa. Ndani yake kuna utando ulioshikanishwa na koili ya waya, na koili hiyo hucheza katikati ya sumaku kila sauti inapougonga utando, hivyo umeme unazaliwa humo humo. Kondensa ina utando mwembamba sana uliopakwa metali, umewekwa mbele ya bamba kwa nafasi ndogo mno. Sauti inapoutikisa, nafasi ile hupanuka na kupungua, lakini lazima umeme uwepo ndipo badiliko hilo ligeuke kuwa sauti kwenye waya. Kwa kawaida umeme huo ni volti 48 kutoka kwenye mikisa, unaopita katika waya ule ule unaobeba sauti.

Sasa picha. Kichwa cha mviringo chenye wavu mgumu wa chuma, juu ya mpini unaoshikika mkononi, mara nyingi ni dainamiki. Mfano maarufu ni Shure SM58, iliyoingia sokoni mwaka 1966 na ambayo bado inatengenezwa. Mwimbaji huielekezea mdomo kwa juu. Kondensa kubwa ya studio ina umbo jingine: mwili mnene, na wavu wa kichwa uliobanwa pande mbili, mbele na nyuma. Ukiikuza picha, nyuma ya wavu huonekana kidude cha duara kama sarafu, mara nyingi chenye rangi ya dhahabu. Huo ndio utando. Maiki hii huzungumziwa ubavuni, upande wenye nembo, na anayeongea juu ya kichwa chake atalalamika bure kwamba sauti iko mbali.

Maiki ya kifua haina kichwa cha kujadili. Ni kipande kidogo chenye kibanio cha kushika kola na waya mwembamba kama wa visikilizi. Na hapa majina yanachanganya watu, kwa sababu "ya kifua" ni umbo tu. Ndani yake karibu zote ni kondensa ndogo, ila hutosheka na umeme kidogo wa simu, kamera au betri. Plagi yake ya milimita 3.5 inafaa kukuzwa kwenye picha. Ikiwa na mistari mitatu myeusi ni ya simu, ikiwa na miwili ni ya kamera. Boya BY-M1, kwa mfano, ina mistari mitatu, na kwenye waya wake kuna kisanduku chenye swichi ya kuchagua simu au kamera.

Upande wa kitako ndiko wengi wanakoteleza. Wakiona tundu la duara lenye pini tatu, lile la XLR, wanasema ni kondensa. Si lazima. SM58 ina pini hizo hizo tatu. Pini zinaonyesha jinsi waya unavyounganishwa, hazisemi kilichomo kichwani. Kinachosaidia zaidi ni waya usiochomoka unaoishia na jeki nene ya milimita 6.35, kama zile maiki za karaoke: jeki hiyo haipitishi volti 48 za mikisa, kwa hiyo maiki ya mkononi ya namna hiyo ni dainamiki karibu kila mara.

Kuna picha zinazodanganya hata macho yaliyozoea. Shure Beta 87A ina kichwa cha mviringo na mpini kama SM58, lakini ni kondensa. Shure SM7B, ile nene inayoonekana mbele ya watangazaji wengi wa podikasti, inafanana na kifaa cha studio kinachohitaji umeme, kumbe ni dainamiki. Hapo umbo halitoshi; kinachoamua ni jina la modeli lililoandikwa mwilini. Sponji nayo huficha kichwa chote, na muuzaji aliyepiga picha bila kuivua hajaonyesha kitu.

Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa, omba picha tatu: kichwa bila sponji, kitako kwa karibu, na maandishi ya modeli. Kama unaweza kuijaribu, izime 48V kwanza. Maiki yenye pini tatu na isiyo na betri, ikisikika hali 48V imezimwa, ni dainamiki.